Naomba ushauri: dawa ya kila siku na safari ndefu ya ndege, saa zinanichanganya

Mwana wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Mwezi huu wa saba naenda Vancouver, Kanada, kwa mafunzo ya wiki mbili. Kuna dawa nameza kila siku, sikosi. Naondoka Dar Jumatatu saa tano usiku, nafika Istanbul saa kumi na mbili alfajiri, nakaa pale hadi saa tisa alasiri, kisha Vancouver naingia Jumanne hiyohiyo saa kumi na nusu jioni. Swali ni moja: nimeze kwa saa ya wapi? Naogopa kuruka, naogopa pia kurudia. Matusi hapana.

Kipanga Mzee: Hongera kwa safari. Mimi hata Chalinze sijapelekwa na ofisi.

Bint Mrima: Mie niko Maskati, tofauti na nyumbani ni saa moja tu. Vidonge vyangu vya uzazi wa mpango nilikuwa nameza saa tatu usiku, sasa nameza saa nne, maisha yanaendelea. Usijitie presha kaka.

Fundi Saa: Rahisi sana. Ukipanda ndege badili saa yako iwe ya unakokwenda, kisha fuata hiyo. Mimi ya presha nafanya hivyo, kidonge kimoja kila asubuhi, sijawahi kuona tofauti.

Dawa Dirishani: Fundi, kwa kidonge chako huenda imekufaa, ila hatujui cha mwenzako. Mleta mada, ni dawa gani, na ni mara ngapi kwa siku? Nipo dirisha la dawa miaka mingi. Bila jina tunapiga ramli tu.

Mwana wa Tabata: Ni dawa ya kawaida tu mkuu. Na kusema kweli nimeshapata njia: ile ya usiku nitameza mara mbili kabla ya kupanda, inibebe hadi nifike. Nilitaka tu kuthibitisha.

Dawa Dirishani: Kuthibitisha nini sasa? Taja jina.

Mwana wa Tabata: Kabamazepini miligramu 200, asubuhi saa mbili na usiku saa mbili. Ya kifafa. Nilikwepa kwa sababu ofisini hawajui, na nasafiri na mwenzangu wa kazini, kiti kwa kiti. Sitaki kutoa vidonge mbele yake. Ndiyo maana ya kumeza viwili nyumbani.

Mama Wawili: Mwanangu, siri ya ugonjwa haina faida. Mwambie mwenzako! Ukianguka kule angani atajuaje afanye nini? Ndugu yetu mmoja alificha hivyohivyo, tukamkuta chooni ameng'ata ulimi.

Chai Kavu: Ngojeni kidogo. Mwanzo ilikuwa "dawa ya kila siku", sasa ni mara mbili. Na soma tena ratiba yake: anaondoka Istanbul saa tisa alasiri, anafika Kanada saa kumi na nusu jioni, siku ileile. Ndege gani inavuka bahari kwa saa moja na nusu? CHAI hii, tena ya rangi.

Kipanga Mzee: 😂😂 Nimevuta kiti.

Mwana wa Tabata: Ndivyo tiketi ilivyoandikwa! Nifanyeje sasa, niwawekee na pasipoti?

Dawa Dirishani: Chai Kavu, tiketi huandika saa ya mahali husika. Istanbul na Dar saa ni ileile, Vancouver mwezi huu wako nyuma yetu saa kumi. Kwa hiyo anakaa hewani kwa muda wa saa kumi na moja na nusu, ila jua anakimbizana nalo. Na hapo ulipoonea chai ndipo penye mtego wake hasa. Jumanne yake itakuwa na saa 34. Mtu anayehesabu "viwili kwa tarehe" atameza cha asubuhi Istanbul, atameza cha pili ndani ya ndege, akifika atasema Jumanne imekamilika, alale. Atakuwa amepitisha zaidi ya saa ishirini bila dawa, na usingizi hajapata. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa. Hesabu saa kumi na mbili kutoka kidonge hadi kidonge, tarehe iache.

Twende kwa ratiba yake. Jumatatu saa mbili usiku anameza nyumbani, kimoja. Jumanne saa mbili asubuhi yuko uwanjani Istanbul, anameza pale. Saa mbili usiku ya Dar yuko hewani, saa tano tangu ndege iruke, anameza. Kinachofuata ni saa mbili asubuhi ya Jumatano ya Dar, na Vancouver hapo ni saa nne usiku, bado Jumanne. Cha tatu kwa tarehe moja, na si kurudia dozi.

Fundi Saa: Kwa hiyo saa mbili ya Dar ni saa nne ya kule, asubuhi na usiku. Mbona rahisi, akae kwenye saa nne wiki zote mbili.

Dawa Dirishani: Hapo umepiga penyewe. Na akirudi hana hesabu, saa nne inageuka saa mbili ya nyumbani. Ila kurudi siku inafupika, kwa hiyo kunaweza kuwa na tarehe yenye kidonge kimoja. Asikifidie.

Mwana wa Tabata: Saa nne asubuhi nitakuwa darasani, wote wananitazama. Na viwili kwa mpigo vina ubaya gani? Dawa si ileile?

Dawa Dirishani: Kabamazepini ikizidi unaona vitu viwiliviwili na unayumba. Ukipita uhamiaji hivyo watadhani umelewa. Na hiyo ziada haikai ikusubiri, mwili unaendelea kuiondoa. Darasani nenda msalani. Au ukishafika sogeza saa moja kwa siku: nne, tatu, kisha mbili. Kwa kuwa una kifafa, njia ipi kati ya hizo aamue daktari wako, mpelekee tiketi. Vyako ni vya kawaida au vya kuachia taratibu? Na utavibeba wapi?

Mwana wa Tabata: Vya kawaida. Kwenye begi kubwa, lile la kukabidhi.

Bint Mrima: Weee! Langu lilichelewa siku nzima, nikakaa na nguo nilizovaa. Beba mkononi, pakiti na cheti cha daktari.

Fundi Saa: Alamu pia. Simu janja ikishika mtandao wa kule inajibadili, na alamu ya saa mbili inahama nayo. Chukua kiswaswadu, toa laini, acha kwenye saa ya Dar.

Mwana wa Tabata: Kiswaswadu ninacho. Begi nimeelewa, viwili nimeacha. Kumwambia mwenzangu, hapana.

Mama Wawili: Basi waambie wahudumu wa ndege.

Mwana wa Tabata: Hilo nitalifikiria mama.

Chai Kavu: Nimefungua ramani ya saa, kweli ni kumi. Ila kwa nini mwanzo aliandika kama anameza panadoli?

Mke wa Nahodha: Samahani kuingilia, mama yangu anaenda kwa kaka Toronto, anajichoma insulini ya usiku. Afuate hii hii ya saa ya Dar?

Dawa Dirishani: Hapana dada, usiazime hesabu hii. Insulini inakwenda na chakula na kipimo cha sukari, na siku ikirefuka hata kiasi kinaweza kubadilishwa. Aende kliniki na tiketi kabla ya safari. Anatumia ya aina gani?

Mke wa Nahodha: Sijui, ina kifuniko cha kijani. Ngoja nimpigie.