Fonti ya mwandiko wa babu: Calligraphr au FontForge?

Mjukuu_wa_Mwisho: Habari wakuu. Babu ametutoka, nimebaki na barua zake, nataka mwandiko wake uwe fonti nipange kijitabu cha ukoo. Nimeona Calligraphr na FontForge, nishike ipi?

FundiHerufi: Pole sana kwa msiba. Hujasema la muhimu, babu alikuwa anaunganisha herufi au anaachanisha? Barua ngapi? Unazo karatasi zenyewe au picha za simu?

Tumaini_K: Calligraphr tu. Unaprinti fomu, unajaza kwa peni, unaskani, basi. Yangu niliimaliza jioni moja.

Mjukuu_wa_Mwisho: Tumaini hiyo fomu ataijaza nani na mwenyewe hayupo? Fundi ni barua 11, karatasi zenyewe za mistari. Anaachanisha, ila kile kimstari cha t anakivuta mpaka juu ya herufi inayofuata.

FundiHerufi: Basi Inkscape ya kuchora herufi na FontForge ya kuzifanya fonti. Skani kwa 600 dpi. Ila usirudie kosa langu, mwandiko wa mama nilikata kila herufi peke yake nikaikuza ijae kisanduku, kuja kuandika "mgongo" o ina kimo sawa na g, na g imekaa juu ya mstari badala ya kushusha mkia, nikatazama nikaona huyu si mama kabisa, wiki mbili zimepotea. Siku hizi nakata neno zima pamoja na mstari wa daftari, mstari ule ndo unakuwa sifuri kwenye FontForge, nakuza neno lote kwa kiwango kimoja halafu ndo natenganisha herufi. Na hiyo t usiipunguze, kimstari kiache kitokeze nje ya upana wa herufi, fonti inakubali.

Kalamu_Tatu: Calligraphr pia inawezekana, unabandika herufi ulizoskani kwenye fomu yao, ila ya bure ina kikomo cha herufi. Halafu q na x utazitoa wapi? Kiswahili hakina.

Mjukuu_wa_Mwisho: Kweli, x sina hata moja! q nimeunga tumbo la a na mguu wa p.

Kalamu_Tatu: Hapo umemwandikia babu asichoandika. Mimi ningeacha tupu.

Tumaini_K: Sasa jina lenye x je?

FundiHerufi: Yataonekana mara ngapi hayo? Hangaikia a. "Kaa", "saa", zikifuatana a mbili zinazofanana kama pacha jicho linagundua ni mashine. Chukua a ya pili kutoka barua nyingine, iite a.alt, kisha weka kanuni hii kwenye fonti ibadilishe a ya pili yenyewe:

```
feature calt {
  sub a a' by a.alt;
} calt;
```

Mjukuu_wa_Mwisho: Imekubali, "saa" imetoka yenyewe kabisa. Ila bibi ameangalia akasema huo ni mkono wa ugonjwa, babu hakuwa anatetemeka hivyo. Na kweli barua 9 ni za miaka ya mwisho, za zamani ni 2 tu na hazina herufi kubwa zote.

Kalamu_Tatu: Changanya.

FundiHerufi: Usichanganye, unene wa wino utapishana neno kwa neno. Hizo 2 za zamani zimekosa herufi kubwa zipi?