Kiungo cha kenchi kinapanda badala ya kushuka, nisaidieni

kijana_wa_Chake: Assalaam alaykum. Kenchi ya memba 2 imeshikwa ukutani. AB imelala, urefu m 2. CB ni ya mshazari, m 2.5, na C iko m 1.5 chini ya A. Kwenye B umening'inia mzigo wa kN 12. AE ni kN 100,000 kwa zote mbili. Natakiwa kutafuta B inashuka kiasi gani kwa njia ya mzigo wa 1. Nguvu halisi: AB +16, CB −20. Za mzigo wa 1: AB 1.333, CB 1.667. Jibu linakuja −0.41 mm, yaani B inapanda! Tatizo liko wapi?

fundi_Wete: Waalaykum salaam. Hiyo ni kama ya baraza langu. Niliweka mabano ya chuma kubeba paa, nayo yameshuka zaidi ya ilivyohesabiwa. Ongeza unene wa chuma tu, kijana.

Bi_Mkwajuni: Fundi, kijana kaulizia alama, si chuma. Mdogo wangu, mzigo wa 1 nao unaisukuma CB, kwa hiyo ni −1.667. Hasi mara hasi ni chanya:

```
AB: 16 × 1.333 × 2000 / 100000 = 0.43 mm
CB: (−20) × (−1.667) × 2500 / 100000 = 0.83 mm
```

Jumla 1.26 mm, kwenda chini. Mzigo ukiwa mmoja tu, na unatafuta mshuko palepale ulipo na kwa upande uleule, hakuna memba itakayotoa hasi. Ukiiona, rudi kwenye alama.

Mtumwa_wa_Hesabu: Mbona rahisi, gawa nguvu halisi kwa 12 unapata za mzigo wa 1. Hata B ikisogea mlalo, tumia hizohizo.

Bi_Mkwajuni: Kwa mshuko wa wima, sawa kabisa. Kwa mlalo, hapana. Ondoa kN 12, weka 1 kwenye B ikivuta kutoka ukutani, uanze upya: AB inapata +1, CB inapata 0. B inasogea 16 × 1 × 2000 / 100000 = 0.32 mm kuelekea nje. CB imefupika lakini haina mchango hapo.

kijana_wa_Chake: Ahsante dada, nimeiona.

fundi_Wete: Na mabano yangu je? Matundu nilitoboa milimita 2 zaidi ya bolti.

Bi_Mkwajuni: Hapo ndipo penye neno! Kama AB imeteleza mm 1 kwenye bolti, ni sawa na kurefuka mm 1. Zidisha kwa 1.333: B inashuka 1.33 mm, zaidi ya mshuko wote wa kijana. Kuongeza unene hakuondoi hilo.

Mtumwa_wa_Hesabu: Lakini utelezi wenyewe utaukadiria vipi kabla ya kufunga? Mie naweka nafasi yote ya tundu.

Bi_Mkwajuni: Hiyo ni kali mno, mie naweka nusu. Fundi, bolti ulizikaza kwa spana ya kawaida au ya kipimo?