Majaribio ya wiki nzima jikoni bila hela, naweza kudai?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Kuna mgahawa hapa Dar waliniita kwa majaribio, wakasema siku moja tu waone mkono wangu, sawa nikapika. Ikageuka wiki nzima, naingia saa 12 asubuhi natoka jioni, chapati na supu zote wanauziwa wateja, kumbe mpishi wao yuko likizo (hapo ndo nikashtuka). Mwisho meneja ananiambia hujafaulu na majaribio hayalipwi. Nimemkumbusha, kimya. Mkataba sina ila meseji za wasapu za kunipangia shifti ninazo. CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, najua madai ya mshahara yanatakiwa ndani ya siku 60. Je, hiyo inahesabika kazi ya kulipwa, na meseji zinatosha kama ushahidi?