Mnaandika "1.0MG" kwenye cheti cha dawa ili iweje? Mama yangu kapewa dozi kubwa mara kumi

Binti wa Kilwa (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira na naomba nisiambiwe nitulie.

Mama yangu ana tatizo la mapigo ya moyo na anatumia warfarini ili damu isigande. Alikuwa kwenye miligramu 2 kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu moja moja. Kliniki wakapima INR ikasoma 3.9, na yeye anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Damu imekuwa nyepesi mno, kwa hiyo daktari akapunguza dozi hadi miligramu 1. Uamuzi sahihi kabisa, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na karatasi iliyotoka kwenye printa yao:

`WARFARIN TAB 1.0MG OD`

Hiyo printa ni ile ya riboni, na riboni imechoka. Nukta imetoka kama vumbi, halafu imeangukia juu ya mstari wa jedwali. "MG" nayo imebanana na sifuri. Mama akaenda famasi ya mtaani, mhudumu akasoma kumi. Vya kumi hana, ana vya tano, basi akatoa viwili viwili kwa siku. Mama kazoea kumeza viwili, hakuona ajabu. Rangi ilipomshangaza akaambiwa ni kampuni nyingine.

Kabla wiki haijaisha fizi zinatoka damu anapopiga mswaki, mikono ina mabaka meusi, na asubuhi moja mkojo ukawa mwekundu. Tulipofika hospitali INR ilikuwa imepita 8. Wamempa vitamini K, wamemlaza, sasa anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Nilirudi na karatasi nikaonyesha. Nikajibiwa kwamba "imeandikwa moja pointi sifuri, famasi ndio hawakusoma". Hiyo sifuri inamsaidia nani? Moja ni moja. Ukiiweka hiyo pointi na sifuri hujaongeza taarifa yoyote, umetengeneza kumi inayosubiri nukta ipotee. Nani aliyeruhusu hili jambo?

Mzee wa Dirisha la Dawa

Pole sana binti yangu, na mpe pole mama. Nimekaa famasi ya hospitali miaka mingi, kwa hiyo nitakuambia kwa nini kosa hili lilipita kwa mhudumu bila kumshtua.

Kosa la nukta mara nyingi hujikamatisha lenyewe. Mtu akisoma dijoksini 25 mg badala ya 0.25, atahesabu vidonge mia moja kwa dozi, mkono utasita, atapiga simu. Yanayopita ni yale yanayoangukia kwenye kiasi ambacho mkono unakijua. Warfarini 10 ni hiyo. Wapo madaktari waliokuwa wakianzishia wagonjwa kwa 10 siku za kwanza, na vidonge viwili vya 5 ni hesabu nyepesi. Haloperido nayo ni hivyo hivyo. Ukimwandikia bibi kizee `.5 mg` bila sifuri mbele, nukta ikififia ni 5 mg, na kidonge cha 5 kipo rafuni kinakusubiri.

Jambo la pili, warfarini haionyeshi kosa siku hiyo hiyo. Haigusi vitu vya kugandisha damu ambavyo tayari viko mwilini, inazuia ini lisitengeneze vipya. Vile vya zamani vinaisha polepole, ndiyo maana mama alikuwa mzima siku mbili tatu za mwanzo na kila mtu akaamini dozi ni sawa.

Swali lako la nani aliruhusu: hakuna mwongozo wa maana unaoruhusu. Marekani, shirika linalozipa hospitali ithibati liliweka sifuri ya nyuma na nukta isiyo na sifuri mbele kwenye orodha ya marufuku tangu 2004. Kitabu cha dawa cha Waingereza ambacho wengi wetu tumesomea kinasema hivyo hivyo: 3 mg, si 3.0 mg, na 0.5 ml, si .5 ml.

Kamanda Wa Excel

Mimi naona shida ni kutokuwa na mpangilio. Mmoja anaandika 1, mwingine 1.0, mwingine .5. Wekeni desimali mbili kila mahali kama kwenye hela: 1.00, 0.50, 10.00. Namba zitajipanga kwenye mstari, hakuna wa kukosea.

Mzee wa Dirisha la Dawa

Nusu nakubaliana nawe. Sifuri ya mbele iwepo daima, hapo umesema kweli. Lakini 1.00 nukta ikifutika ni 100. Umetoka mara kumi ukaenda mara mia. Kwenye hela mtu akisoma vibaya atarudi kudai chenji.

Mama Twins Mbagala

Samahani kwa kuingilia. Wanangu wameandikiwa dawa ya kikohozi 2.5ml mara tatu. Kwa hiyo mnasema hiyo pointi ni makosa, nimpe kila mmoja 2 au 3? Kijiko nilichopewa kina mstari wa 5 tu.

Mzee wa Dirisha la Dawa

Hapana mama, usibadilishe. Hiyo pointi ina kazi, baada yake kuna 5 halisi. Ni mbili na nusu, yaani nusu ya huo mstari wa 5. Usikisie kwa macho. Rudi famasi uombe bomba la plastiki lisilo na sindano, lile la kunyweshea, lina alama ya 2.5. Na ukiwa hapo mwambie mhudumu avute mbele yako kiasi anachomaanisha.

Nesi Usiku

Mleta uzi ana haki ya kukasirika, ila asifikiri ni printa tu. Wodi ya watoto tunaogopa zaidi sifuri ya katikati. Dijoksini ya sindano ni 0.25 mg kwenye kila ml, ampuli ina ml 2, kwa hiyo ampuli nzima ni 0.5 mg. Sasa mtoto kaandikiwa 0.05 mg, hiyo ni ml 0.2 tu. Ikidondoka sifuri moja ikasomeka 0.5, hesabu inatoka ampuli moja kamili. Na "ampuli moja" ndiyo jibu linaloonekana safi kuliko yote, huhitaji hata kikokotoo! Houston, Texas, mwaka 1996, mtoto wa miezi miwili aliandikiwa dijoksini 0.9 mg wakati dozi yake ilikuwa 0.09. Mtu wa famasi alitilia shaka, bado ikapita, na yule mtoto alifariki.

Mimi nikipata desimali ndogo hivyo naigeuza kuwa mikrogramu kabla sijagusa ampuli. 0.05 mg ni mikrogramu 50. Hamsini haina nukta ya kupotea.

Binti wa Kilwa

Nesi asante. Sasa kwa nini karatasi isitoke hivyo tangu mwanzo? Kwa nini ugeuze wewe saa tisa usiku?

Fundi wa Mifumo

Naweza kujibu hilo. Mara nyingi hakuna binadamu aliyeamua kuandika 1.0. Daktari kaandika 1, ila sehemu ya kuhifadhia namba imepangwa kuwa na desimali, mfumo ukajaza sifuri wenyewe. Na kuna hifadhidata zinazofanya kinyume chake. Oracle ukiiachia yenyewe inakula sifuri ya mbele:

```sql
SELECT TO_CHAR(0.5) FROM dual;                -- .5
SELECT TO_CHAR(0.5, 'FM9990.999') FROM dual;  -- 0.5
SELECT TO_CHAR(1, 'FM9990.999') FROM dual;    -- 1.
```

Angalieni mstari wa tatu. Umerudisha sifuri ya mbele, umeondoa za nyuma, lakini nukta imebaki inaning'inia: `1.` Ikibanana na MG hujui nini kimekatika. Inabidi uifute na hiyo:

```sql
SELECT RTRIM(TO_CHAR(1, 'FM9990.999'), '.') FROM dual;  -- 1
```

Ni kazi ya nusu siku pamoja na kujaribu. Tatizo, kwenye mifumo niliyoiona mimi karatasi ya dawa inatumia mpangilio uleule wa ankara, na mhasibu anataka .00 zake. Hatenganishi mtu.

Onyo moja: usifute sifuri za nyuma kwenye mfumo mzima. Majibu ya maabara yaache. INR ya 2.0 inakuambia kipimo kinasoma hadi sehemu ya kumi. Kufuta ni kwenye dozi na nguvu ya dawa tu.

Mshi wa Bukavu

Huku kwetu Congo tumesoma kwa Kifaransa, tunaandika 0,25 mg kwa mkato. Mkato una mkia, haupotei kirahisi kama nukta. Mbona ninyi hamtumii? Ila nakiri, dawa za kutoka upande wenu zinatutesa. Heparini imeandikwa 5,000, mwanafunzi mpya anauliza: ni tano au ni elfu tano?

Mzee wa Dirisha la Dawa

Hapo umegusa penyewe. Kwetu mkato ni wa maelfu, kwa hiyo tukiuchukua kwa desimali tutabadilisha kosa la mara kumi kwa kosa la mara elfu. Kwenye maelfu ningeacha nafasi tupu, 5 000, lakini wenzangu wanasema nafasi nayo inakatika mwisho wa mstari. Sina jibu linaloridhisha pande zote mbili.

Kamanda Wa Excel

Sawa, nimekubali kuhusu 1.00. Basi kila kilicho chini ya miligramu moja kiandikwe mikrogramu, tumalize.

Nesi Usiku

Na kiandikwe "mikrogramu" kwa kirefu. Kifupi chake kikiandikwa haraka kinafanana na mg, hapo ni mara elfu. Na hakimalizi kila kitu. Kuna dijoksini ya mikrogramu 62.5, nukta ndani yake. Hiyo unaifanyaje?

Mzee wa Dirisha la Dawa

Hiyo inabaki na nukta. Unaandika pia idadi ya vidonge na nguvu ya kila kidonge kwa maneno, ili visomwe viwili na vikigombana mtu asimame. Karatasi ya mama ingesema "kidonge kimoja cha miligramu moja", mhudumu asingeweza kutoa viwili vya tano.

Binti wa Kilwa

Nimechapisha maelezo ya Fundi pamoja na mistari yake. Jumatatu napeleka kwa mganga mfawidhi na kwa mtu wao wa mifumo, pamoja na karatasi ya mama na pakiti ya vidonge vya 5. Nakala naipeleka Baraza la Famasi, kwa sababu na yule mhudumu aliyeona nukta imefifia hakupiga simu. Fundi, wakiniambia mfumo umenunuliwa nje na hawawezi kuugusa, niwaulize nini?

Fundi wa Mifumo

Waulize nani aliweka nembo ya hospitali juu ya hiyo karatasi. Kama kuna mtu wao aliyeweza kubadilisha nembo, huyo huyo anaweza kufikia kiolezo cha dozi.