Bima ya wafanyakazi wapya: NHIF au kampuni binafsi? Jumatatu natakiwa niwaelezee

binti_utumishi
Wakuu habari za jioni, nipo ofisi moja hapa Dar, tumeajiri watu 6 na Jumatatu nawapa somo la bima. Bosi anasema kabla sijaongea nimpe jibu kama tubaki NHIF au tuhamie kampuni binafsi. Ipi bora?

Mzee_wa_Fomu
Dada, hapo hujauliza kitu bado. Mpo wangapi jumla? Mishahara ikoje? Hao wapya wana familia au bado mabachela? Kuna mjamzito? Bila hayo tutakujibu hewani.

kiduku99
Binafsi bila kufikiria. NHIF nilikaa foleni tangu saa moja asubuhi, dawa naambiwa kanunue nje. Hamia binafsi mjomba

binti_utumishi
Samahani ni dada 😅 Tupo 23 ukiwaweka na hao. Wengi wanalipwa kama laki 9. Binafsi wametuambia milioni 1.9 kwa mwaka kwa mfanyakazi, mwenza na watoto wawili. Wawili kati ya wapya wameoa, na mke wa mmoja ana mimba ya miezi miwili.

Mzee_wa_Fomu
Sasa tunaongea. NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri nusu mfanyakazi. Laki 9 maana yake elfu 27 kwake na elfu 27 kwenu kila mwezi, mwaka mzima 648,000. Na hapo anaingia yeye, mwenza na wategemezi wanne, na hao wanne wanaweza kuwa wazazi wake au wakwe. Kampuni binafsi nyingi wazazi hawawataki, au wanawatoza pembeni na umri una mwisho. Waambie hili mapema, maana kijana akisikia "bima ya familia" anamfikiria mama yake kijijini kabla ya mke.

Ila kubwa kwako ni huyo mwenye mimba. Waulize uzazi unasubiri miezi mingapi. Tuseme bima inaanza 1 Juni na kusubiri ni miezi 10, basi uzazi unafunguka 1 Aprili mwakani. Huyo mama anajifungua mwanzoni mwa Januari, hapo hapati hata senti. Hata atakayeshika mimba hiyo hiyo Juni anajifungua Machi, naye yupo nje. Hiyo miezi wameipiga hesabu makusudi.

kiduku99
Acha kumtisha mwenzio, bima ya kundi haina kusubiri kabisa. Sie tuliingia leo kesho tukatibiwa

Mzee_wa_Fomu
Malaria ndiyo, kesho yake unatibiwa. Kundi kubwa likiingia kwa pamoja wengi wanafutiwa hata kusubiri kwa uzazi, lakini watu 23 ni suala la kuomba, na mkikubaliwa iandikwe kwenye mkataba. Halafu kuna anayeongezwa katikati ya mwaka. Mara nyingi anapewa siku 30 tangu ajiriwe, aoe au apate mtoto. Akichelewa anasubiri kivyake, au anaambiwa hadi mkataba uhuishwe.

baba_mapacha
Hapo kwenye siku 30 ndipo nilipoumia mimi. Nilikuwa kazi mpya, afisa utumishi wetu akasema nyie chapeni kazi, familia tutaziingiza baada ya miezi mitatu ya majaribio, na mimi nikanyamaza kwa sababu ukiwa mgeni unaogopa kuonekana msumbufu. Wakaja kuziingiza, kadi zikatoka, picha ya mke ipo, nikajua mambo safi. Siku ya siku mapacha wamekaa vibaya ikabidi upasuaji, nafika dirishani na kadi yangu, dada anabofya bofya ananiambia kaka uzazi haujafunguka. Kadi inasoma, kliniki ametibiwa mafua kwa kadi hiyo hiyo! Nililipa zaidi ya milioni 3, nyingine ya shemeji hadi leo sijammalizia. Na watoto walikaa wiki kwenye joto, nayo nje, maana walikuwa hawajaandikishwa. Dada waambie wazi kadi kusoma siyo kwamba kila kitu kimelipiwa.

mwanaNakuru
Sisi Kenya ni SHA tangu Oktoba 2024, wanakata 2.75% ya mshahara wote na mwajiri haongezi kitu, halafu kampuni ikipenda inakuwekea kava ya binafsi juu yake. Kwani nyinyi hamuwezi kuwa na zote mbili?

kiduku99
Mkuu Nakuru yeye kauliza ya Dar

binti_utumishi
Bosi akisikia zote mbili atazimia. Na kwenye fomu kuna sehemu ya magonjwa ya zamani, kijana mmoja ana presha anauliza asiandike?

Mzee_wa_Fomu
Aandike. Akificha halafu faili la hospitali lionyeshe anakunywa dawa tangu mwaka juzi, wanakataa dai zima. Akiandika mara nyingi anapewa kikomo kidogo cha pesa au anasubiri mwaka, lakini yumo. Na wasome ukurasa wa visivyolipiwa: kutafuta mtoto, kurembesha meno, fremu za miwani za bei mbaya.

mama_K
Kumbe meno hapana? Mimi niling'olewa jino bure kabisa

Mzee_wa_Fomu
Kung'oa sawa mama. Jaribu kuweka la bandia uone.

binti_utumishi
Kesho nampigia yule wakala nimwombe atufutie kusubiri kwa uzazi, kwa maandishi. Akikataa sijui namwambiaje huyu kaka, maana mwenzio ameshaacha kazi ya zamani iliyokuwa na NHIF.