Naomba ushauri: marejeleo ya tasnifu yanarudi yalivyokuwa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Chake Chake, namalizia tasnifu ya uzamili. Chuo kinataka kila rejeo liwe na mstari wa kwanza pembeni na inayofuata iingie ndani sm 1.27, nafasi moja ndani ya rejeo, pointi 12 kati ya rejeo na rejeo.

Mwanzo nilisukuma mistari kwa Tab na Enter, nikabadili fonti, ikavurugika yote. Kisha nikachagua orodha nzima, nikaweka Hanging. Nilipobonyeza Refresh ya Zotero, programu inayonipangia marejeleo ndani ya Word, ikarudi kule kule! Mwenzangu wa Wete akanielekeza nirekebishe staili ya Bibliography yenyewe kwa Modify, Format, Paragraph. Tangu hapo imetulia.

Kilichobaki ni vichwa. Msimamizi anataka Nyaraka, Mahojiano, kisha Vitabu na Makala, lakini Zotero inapanga zote pamoja kwa alfabeti, na kichwa nikichomeka katikati kinafutwa. Nafikiria kutunza nakala, kisha kubonyeza Unlink Citations nigawe kwa mkono. Ila marekebisho ya watahini hayajaja, na nikishabonyeza Unlink rejeo jipya halitaingia lenyewe. Aliyepitia haya, alifanyaje?