Ukoo wa Mikindani: eksteno ya Somoe haionekani

Somoe (Mikindani) 19:42
Asalaam alaikum wana ukoo. Ile eksteno yenye video za marehemu Babu haionekani kwenye laptopu. Nachomeka, taa inawaka, nikifungua File Explorer naona C: peke yake. Na hitma ni Jumamosi 😭

Bibi Mwanahawa 19:44
Waalaikum salaam mjukuu wangu. Kama taa inawaka basi nzima hiyo.

Kaka Bakari 19:45
Imekufa hiyo. Yangu nayo ilikufa hivyo hivyo mwezi uliopita, nikaichomeka hapo hapo kwa Somoe, taa inawaka, hamna kitu. Fomati, ikikataa tupa.

Kaka Fadhili (Lindi) 19:47
Bakari acha. Somoe USIFOMATI kitu chochote. Kompyuta ikikuuliza swali lolote, bonyeza Cancel halafu nipigie picha.

Mjomba Issa 19:48
Hata kwangu TV haioni flashi. Nimenunua Mtwara mjini, mpya kabisa. Tatizo ni hizi TV.

Kaka Fadhili 19:49
Mjomba ya kwako ni nyingine, TV nyingi hazielewi jinsi flashi ilivyofomatiwa. Tutaiona nikija. Somoe, eksteno umeichomeka wapi? Moja kwa moja, au kwenye kile kigawanyio chako chenye mausi na feni?

Somoe 19:50
Kwenye kigawanyio 🙈 laptopu ina matundu mawili tu

Kaka Fadhili 19:51
Weka sikio juu yake. Inalia nini?

Somoe 19:53
tik… inanyamaza… tik… inanyamaza

Kaka Bakari 19:53
Si nilisema? Hiyo ni sindano inakwangua.

Kaka Fadhili 19:56
Inawezekana Bakari, ila mara nyingi ni njaa ya umeme. Diski ndogo kama hiyo haina adapta, inakula umeme wa tundu la USB. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la 3.0 ni 900. Ukishagawana na feni na mausi, inataka kuanza kuzunguka inaishiwa nguvu, inaanza upya. Taa ni kitu kidogo, itawaka tu hata diski ikiwa imelala njaa. Chomoa vyote, chomeka eksteno peke yake kwenye tundu la laptopu lenye rangi ya buluu ndani kama lipo. Ikiendelea kugonga hata hapo, zima kabisa, usiirudie rudie, maana hapo maneno ya Bakari yanaweza kuwa kweli.

Somoe 20:01
Haigongi tena alhamdulillah. Inanguruma taratibu kama paka. Ila bado haionekani, wala laptopu hailii ile sauti ya kuchomeka kitu.

Kaka Fadhili 20:02
Piga picha waya.

Somoe 20:03
[picha]

Kaka Fadhili 20:05
Huo si waya wake! Huo wa simu. Tundu la eksteno ni pana, lina sehemu mbili, wewe umechomeka kwenye ile sehemu kubwa tu. Huo waya unaingia, na ukiwa mzima unafanya kazi polepole. Lakini waya nyingi za simu za bei rahisi ni za kuchajia tu, zile nyaya za ndani za kupitisha data hazimo. Umeme unafika, diski inazunguka, kompyuta haina habari kuna mgeni mlangoni.

Somoe 20:06
Wa kwake paka alitafuna. Wa Kaka Bakari je?

Kaka Bakari 20:07
Ninao, uko na ile iliyokufa. Namtuma mtoto.

Mama Mkubwa 20:09
Umeme usikatike tu jamani. Juzi umekatika mara tatu.

Kaka Fadhili 20:10
Laptopu ina betri Mama, diski itajishika humo. Asiichomoe tu ghafla.

Somoe 20:31
Waya umefika. Imelia DING 🎉 lakini File Explorer bado C: tu. Sasa mimi nachoka.

Kaka Fadhili 20:33
Hapana, hiyo ding ni habari njema. Kompyuta imeiona, ila haijaipa jina la kuitwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi, halafu Enter:

```
diskmgmt.msc
```

Likitokea dirisha dogo linasema Initialize Disk, usikubali. Nipigie picha ya chini.

Somoe 20:37
[picha]
Disk 0 ndiyo ya laptopu nadhani. Disk 1 imeandikwa 931.51 GB, Online. Nililipia terabaiti 1, wameniibia gigabaiti 69??

Kaka Fadhili 20:40
Hujaibiwa 😄 Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, ndiyo maana inaonekana pungufu. Angalia kile kisanduku cha Disk 1: mstari wa buluu juu, ndani NTFS, Healthy (Primary Partition). Patisheni ipo na ni nzima. Kingekuwa na mstari mweusi na neno Unallocated, au RAW badala ya NTFS, ningekwambia chomoa uniletee Lindi. Sasa soma tena: kuna herufi yoyote, D: au E:?

Somoe 20:41
Hakuna. Patupu.

Kaka Fadhili 20:43
Ndiyo shida yenyewe. File Explorer haionyeshi patisheni isiyo na herufi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya kisanduku HICHO, chagua Change Drive Letter and Paths… kisha Add, kisha herufi, OK. Angalia vizuri, neno Format limekaa mstari wa chini yake tu. Vidole polepole.

Somoe 20:44
mikono inatetemeka

Bibi Mwanahawa 20:44
Bismillahi.

Somoe 20:47
Nimeweka M ya Mikindani. IMEFUNGUKA 😭😭 Babu yuko jahazini anacheka, video ile ya mwaka 2011

Mama Mkubwa 20:47
Allahu Akbar. Weka humu tumwone.

Kaka Fadhili 20:49
Kwanza nakili video zote kwenye laptopu, ndiyo uanze kutuma. Swali, laptopu hii si uliletewa ya mtumba kutoka Dar? Na eksteno hujawahi kuichomeka humo kabla ya leo?

Somoe 20:50
Ya mtumba ndiyo. Zamani nilitumia ile iliyoungua.

Kaka Fadhili 20:53
Tafuta cmd, ifungue kwa Run as administrator, andika mstari wa kwanza, Enter, kisha wa pili:

```
diskpart
automount
```

Somoe 20:56
Inasema Automatic mounting of new volumes disabled.

Kaka Fadhili 20:58
Basi. Aliyekuwa nayo kabla yako alizima kutoa herufi kwa diski ngeni. Kwa nini, sijui, mafundi wengine huzima wakiwa wananakili diski wakasahau. Andika `automount enable`, Enter, kisha `exit`.

Somoe 21:00
Imekuwa enabled ✅

Kaka Bakari 21:04
Ngoja kwanza. Yangu niliijaribu kwenye laptopu gani?

Kaka Fadhili 21:04
Ulisema mwenyewe. Kwa Somoe.

Kaka Bakari 21:05
Pale tu. Sikuichomeka pengine.
Mama, lile dude jeusi nililoliacha stoo kwenye gunia la korosho liko wapi?

Mama Mkubwa 21:09
Lile kama kitabu? Nimelikingia mguu wa kabati, kabati lilikuwa linayumba.

Kaka Bakari 21:09
Mama 😭

Kaka Fadhili 21:10
Lichomoe taratibu, lisidondoke.

Mjomba Issa 21:12
Na TV yangu je?